Shairi la kumuaga bibi: jinsi ya kulitunga na kulisoma msibani

Bibi akifariki, familia huwa na kazi nyingi ndani ya muda mfupi: kuwapigia simu ndugu walio mbali, kuchimba kaburi, kutafuta turubai na sufuria, kuandika wasifu wa marehemu. Katikati ya shughuli hizo mara nyingi mtu husema, "Wajukuu nao waandae kitu cha kusoma." Wajukuu hutazamana. Hakuna malenga kati yao, na maziko ni kesho.

Makala haya ni kwa ajili ya wajukuu hao. Yanaeleza namna ya kutunga shairi fupi la maombolezo, lenye vina, ambalo mtu wa kawaida anaweza kulisoma kwa sauti mbele ya watu. Ndani yake limo shairi zima la beti kumi. Unaweza kulitumia lilivyo au kulibadilisha limfae bibi yako.

Chagua mistari mifupi

Shairi la Kiswahili ambalo wengi wetu tulijifunza shuleni lina mishororo mirefu ya mizani kumi na sita, nane upande mmoja na nane upande wa pili, na vina katikati na mwishoni. Ni zuri, lakini kwa mtu mwenye kwikwi ya kilio mstari huo ni mrefu. Pumzi hukata kabla hajafika mwisho, na watu hupoteza maana.

Kwa msiba, umbo la utenzi ni rahisi zaidi. Kila ubeti una mistari minne, na kila mstari una mizani nane tu. Mistari mitatu ya kwanza huishia kwa silabi moja, na mstari wa nne una silabi yake ambayo hurudi mwishoni mwa kila ubeti, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Silabi hiyo inayorudi ndiyo inayolifunga shairi pamoja. Msikilizaji huanza kuingoja, na kila inapofika hupata mahali pa kupumzika.

Umbo hili ni la zamani sana kwetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa kisiwa cha Pate, akiwa mgonjwa alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Ulikuwa na mizani hiyo hiyo, nane kwa nane. Mama aliyejua kwamba huenda haponi alichagua mistari mifupi kumwachia mwanawe maneno, na mistari hiyo hiyo inatufaa sisi tunaobaki.

Namna ya kuhesabu mizani

Mizani ni hesabu ya silabi. Piga kofi taratibu kila unapotamka silabi moja, kisha uhesabu makofi. "Bibi" ni makofi mawili, bi-bi. "Machozi" ni matatu, ma-cho-zi. Irabu mbili zinazofuatana huhesabiwa kila moja peke yake, kwa hiyo "jogoo" ni matatu, jo-go-o.

Herufi inayowakosesha watu wengi ni m. Ikisimama peke yake mbele ya konsonanti, na mdomo ukaitamka kama silabi kamili, inahesabiwa. "Mtoto" ni m-to-to, makofi matatu. "Kumzika" ni ku-m-zi-ka, makofi manne. Lakini katika "mwana" herufi m imeungana na w, kwa hiyo ni mwa-na, makofi mawili. Katika "nyumba" imeungana na b, kwa hiyo ni nyu-mba, mawili pia. Ukiona shaka, sema neno polepole na usikilize mdomo wako.

Mstari ukizidi au ukipungua mizani, utaugundua unaposoma kwa sauti hata kabla ya kuhesabu. Ulimi utakimbia ili kuwahi, au utavuta neno ili kuziba pengo. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Jambo moja litakusaidia sana. Maneno "bibi", "nyanya" na "mama" yote yana mizani miwili. Kwa hiyo familia inayosema "nyanya", kama ilivyo kwa wengi nchini Kenya, inaweza kubadilisha neno hilo popote katika shairi bila kuharibu hesabu. Watoto wa marehemu nao wanaweza kusoma "mama yetu" mahali ambapo wajukuu wangesoma "bibi yetu". Hali ni hiyo kwa "Mola" na "Mungu".

Kusanya kumbukumbu kabla ya vina

Kosa la kwanza la watungaji wengi wa msibani ni kuanza na vina. Mtu hutafuta maneno yanayofanana mwishoni, na shairi linatoka limejaa "mpendwa", "mwema" na "mkarimu" bila kuonyesha hata jambo moja ambalo marehemu alilifanya. Shairi hilo linaweza kusomwa kwenye msiba wowote, ndiyo maana halimgusi mtu.

Anza kwa kuwauliza watu watatu: mtoto wa marehemu, mjukuu aliyeishi naye, na jirani wa siku nyingi. Waulize alikuwa akifanya nini kila siku, si mara moja kwa mwaka. Waulize mikono yake ilikuwa ikishika nini alipokaa. Kisha uliza swali la tatu, ambalo ndilo muhimu kuliko yote: katika familia hii, nani ana uchungu wa pekee leo? Huenda ni binti aliyemuuguza kwa miezi mingi. Huenda ni mjukuu aliyeahidi kuja akachelewa. Shairi la faraja lina kazi ya kumfikia mtu huyo.

Tuchukue familia ya mfano, ya kijiji kimoja wilayani Muheza, mkoani Tanga. Majibu yao ni haya. Bibi alikuwa mkulima. Aliamka kabla ya jogoo kuwika, akateka maji na kuwasha moto. Alipokaa mkekani alikuwa akisuka ukili, ule mkanda wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, huku akiwafunza wajukuu. Na kila usiku alitenga chakula cha mtu aliyechelewa kurudi, akakifunika kwa kawa, kile kifuniko kilichosukwa kwa ukindu. Aliugua muda mrefu, na binti yake alimtunza.

Kuhusu uchungu wa pekee, walimtaja mjukuu mmoja anayefanya kazi mbali. Alipanda basi aliposikia bibi amezidiwa, akafika usiku wa kuamkia maziko. Hakumkuta hai. Tangu afike amekaa pembeni, hali wala hasemi.

Tazama jinsi majibu haya mawili yanavyokutana. Bibi aliyekuwa akimtunzia chakula aliyechelewa ameondoka, na mjukuu wake amechelewa. Faraja ya mjukuu huyo imo katika tabia ya bibi mwenyewe, na hakuna haja ya kutafuta maneno makubwa. Kazi iliyobaki ni kuiweka katika mistari minne.

Ubeti mmoja hatua kwa hatua

Anza na sentensi ya kawaida: "Bibi alituwekea chakula tulipochelewa." Ihesabu. Bi-bi-a-li-tu-we-ke-a ni nane, vizuri. Cha-ku-la-tu-li-po-che-le-wa ni tisa, imezidi. Tena nusu ya kwanza inaishia kwa "a" na ya pili kwa "wa", kwa hiyo vina havilingani. Sentensi ni ya kweli, lakini bado si shairi.

Sasa chagua kina. Vitenzi vingi vya Kiswahili vya kumfanyia mtu jambo huishia kwa "-ia" au "-ea": kumwachia, kumwambia, kumngojea. Kwa kuwa bibi alikuwa akiwafanyia watu mambo, kina cha "a" kitatupa maneno mengi bila kulazimisha.

Mstari wa kwanza tuuanze na mtu mwenyewe: "Aliyechelewa njiani." Tukihesabu, a-li-ye-che-le-wa-nji-a-ni, ni tisa, na kina si chetu. Tukiondoa silabi ya mwisho tunapata "Aliyechelewa njia", mizani nane, na maana haijapotea.

Mstari wa pili unakuja wenyewe: "Chakula alimwachia." Cha-ku-la-a-li-mwa-chi-a, nane.

Mstari wa tatu tuliujaribu hivi: "Kikae kikimngojea." Ki-ka-e-ki-ki-m-ngo-je-a, tisa. Silabi m imetuzidishia. Tukibadilisha kuwa "Kipate kumngojea" tunapata ki-pa-te-ku-m-ngo-je-a, nane.

Mstari wa nne unahitaji kile kina kitakachorudi katika shairi zima. Silabi "ni" ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu Kiswahili huiweka mwishoni mwa karibu kila mahali: nyumbani, shambani, jikoni, moyoni. Maisha ya bibi yalikuwa katika mahali hapo hapo, kwa hiyo kina hakitakosekana. Tunaandika: "Chini ya kawa jikoni." Chi-ni-ya-ka-wa-ji-ko-ni, nane. Ubeti umekamilika, na ndani yake hamna neno hata moja la kumsifu bibi. Tendo lake limetosha.

Shairi zima

Hili ndilo shairi la familia yetu ya mfano. Juu ya kila ubeti tumeandika nani asome.

1. Mjukuu mkubwa

Leo tumekusanyika
Bibi yetu kumzika
Machozi yanatutoka
Ndugu zetu na jirani.

2. Mjukuu mkubwa

Alilima kwa mikono
Hadi siku za mavuno
Hakupenda malumbano
Na watu wa kijijini.

3. Mjukuu mdogo au kitukuu

Jogoo akishawika
Bibi alishaamka
Maji alishayateka
Na moto uko mekoni.

4. Mjukuu aliyeishi naye

Mikononi na ukili
Alitufunza ukweli
Subira kwa kila hali
Tukiketi mkekani.

5. Mjukuu aliyeishi naye

Aliyechelewa njia
Chakula alimwachia
Kipate kumngojea
Chini ya kawa jikoni.

6. Mjukuu aliyeishi naye

Nawe uliyekawia
Buriani kumwambia
Usijilaumu, lia
Fungu lako li nyumbani.

7. Mtoto wa marehemu

Ugonjwa ulimchosha
Maumivu yamekwisha
Mola kampumzisha
Amweke pema peponi.

8. Mtoto wa marehemu

Kwenu mliomlea
Kucha mkimwangalia
Asante twawaambia
Kutoka mwetu moyoni.

9. Mjukuu mkubwa

Shamba lake tutalima
Neno lake tutasema
Tushikane kwa huruma
Kama alivyotamani.

10. Wote kwa pamoja

Chakula tutafunika
Cha mwenzetu akifika
Bibi, lala, umechoka
Buriani, buriani.

Kwa nini beti zimepangwa hivi

Beti mbili za kwanza zinawapokea watu na kueleza bibi alikuwa nani. Ya tatu na ya nne zinamwonyesha akiwa hai, asubuhi na jioni. Msiba unapoanza watu humwona marehemu katika jeneza au sanda tu. Beti hizi zinawarudishia bibi waliyemjua, aliyesimama kwa miguu yake.

Ubeti wa tano na wa sita lazima zisomwe na mtu mmoja, mfululizo, bila kubadilishana karatasi. Ubeti wa tano unaeleza desturi ya bibi, na wa sita unamgeukia aliyechelewa na kumwambia desturi ile inamhusu yeye. Zikitenganishwa, msikilizaji hatauona uhusiano. Asome mjukuu aliyeishi na bibi, kwa sababu yeye ndiye shahidi wa zile sahani zilizofunikwa. Asimtaje mwenzake jina, wala asimtazame kwa muda mrefu. Mhusika atajijua, na huenda kuna wengine watatu katika mkutano ule ambao nao walichelewa.

Katika ubeti huo huo, mstari wa tatu unampa mtu ruhusa ya kulia. Mashairi mengi ya msiba huwaamuru watu wanyamaze, wafute machozi, wawe na nguvu. Mtu mwenye majuto akiambiwa asilie, hubaki na majuto na kilio vyote viwili kifuani. Hapa anaambiwa asijilaumu, lakini alie.

Ubeti wa saba unataja ugonjwa waziwazi bila kueleza ni ugonjwa gani. Inatosha hivyo. Ubeti wa nane unawashukuru waliomtunza, na mara nyingi hawa husahauliwa kwenye wasifu kwa sababu walikuwa ndani wakifua shuka na kukesha. Kisha shairi linawageukia wanaobaki. Ubeti wa mwisho unairudisha ile kawa, safari hii mikononi mwa wajukuu: desturi itaendelea.

Kulibadilisha limfae bibi yako

Ubeti unaotakiwa kubadilishwa kwanza ni wa pili, kwa kuwa si kila bibi alikuwa mkulima. Kwa bibi aliyeuza dagaa sokoni akasomesha wajukuu, unaweza kusoma hivi:

Sokoni alisimama
Dagaa akiwapima
Kwa haki na kwa huruma
Nasi tukawa shuleni.

Ukiutumia huu, mstari wa kwanza wa ubeti wa tisa, unaotaja shamba, nao ubadilike. "Kazi yake tutasoma" una mizani nane lakini hauna maana. "Wema wake tutasema" una mizani nane na maana pia, ila neno "tutasema" tayari lipo katika mstari unaofuata. Hapo inabidi mstari wa pili nao uguswe. Ndivyo ilivyo kazi hii: ukivuta uzi mmoja, angalia wa jirani yake. Njia fupi ni kuandika "Njia yake twaandama", nj-i ikihesabiwa pamoja: nji-a-ya-ke-twa-a-nda-ma, nane, na mstari wa pili unabaki ulivyo.

Kwa bibi ambaye hakuugua, bali uzee ulimchukua polepole, mistari miwili ya kwanza ya ubeti wa saba iwe "Safari imemchosha" na "Kazi yake imekwisha". Kama shairi linasomwa baadaye, kwenye arobaini au siku ya kumkumbuka, mstari wa pili wa ubeti wa kwanza usiseme tena habari za kuzika. Soma "Bibi tunamkumbuka". Mizani ni nane, na kina ni kile kile.

Kama bibi yako hakuwa na kawa wala desturi ya kutunza chakula, usiuazime ubeti wa tano. Majirani wanajua, na jambo la kubuni likisemwa mbele ya kaburi watu husikia uongo. Tafuta desturi yake ya kweli. Pengine aliacha taa ikiwaka hadi wa mwisho arudi. Pengine aliwasindikiza wageni hadi njia panda. Lolote aliloliwekea watu wengine, liweke hapo, na ubeti wa sita utalifuata.

Mambo yanayoharibu shairi la msiba

La kwanza ni kutaja majina ya wajukuu wote. Nia huwa njema, lakini mmoja akisahauliwa hujiona ametengwa siku ya maziko, na jeraha hilo hudumu. Majina yana mahali pake, nayo ni wasifu wa marehemu. Shairi liseme "sisi".

La pili ni sifa zisizo na mipaka. Ukisema bibi hakuwahi kumkasirikia mtu, na nyuma ameketi kijana aliyechapwa naye kwa kuiba maembe, watu watatabasamu mahali ambapo hukukusudia. Kusema kwamba hakupenda malumbano ni jambo ambalo watu wanaweza kulithibitisha.

La tatu ni kupitishia ugomvi wa familia ndani ya vina. Mstari wa mafumbo kuhusu shamba, au kuhusu nani hakuja kumwona mgonjwa, utaeleweka na wote, na hautakuwa na mtu wa kuujibu. Kabla ya kusoma, mpe mzee mmoja wa familia alisikilize shairi lote. Akikunja uso kwenye mstari fulani, uondoe.

La nne ni neno gumu lililoingizwa kwa ajili ya kina. Ukikuta umeandika neno ambalo bibi mwenyewe asingelielewa, umelazimisha. Badilisha kina cha ubeti huo badala ya kulitetea neno.

Kulisoma mbele ya watu

Shairi hili la beti kumi, likisomwa polepole na kwa kituo kati ya ubeti na ubeti, huchukua kama dakika tatu. Usiongeze sana zaidi ya hapo, hasa kama watu wamesimama juani.

Kwanza, ongea na anayeongoza ibada au shughuli. Katika misiba mingi ya Wakristo, nafasi ifaayo ni baada ya kusomwa wasifu, kabla ya mahubiri. Kwa Waislamu maziko hufanyika mapema, na familia nyingi huona wakati unaofaa ni baadaye nyumbani, wakati ndugu wamekusanyika. Muulize sheikh, mchungaji, padri au mzee wa familia, na ufuate atakavyosema.

Andika shairi kwenye karatasi kwa herufi kubwa, ubeti mmoja mbali na mwingine. Usitegemee simu peke yake. Juani kioo hakionekani vizuri, simu hujizima katikati ya ubeti, na mara nyingine huita. Simu itumie kabla ya siku hiyo: ujumbe mfupi mmoja wa kawaida huchukua herufi 160, na ubeti mmoja wa shairi hili unaingia humo na nafasi kubaki. Hivyo ndugu aliye safarini bila intaneti anaweza kutumiwa ubeti wake akaufanyia mazoezi ndani ya basi.

Fanyeni zoezi mara mbili kwa sauti kamili, si kwa kunong'ona. Mara ya kwanza wengi hulia. Ni afadhali kilio hicho kije nyumbani, kwa sababu mara ya pili ulimi unakuwa umeshaijua njia. Someni mstari, mvute pumzi, kisha mstari unaofuata. Mwishoni mwa kila ubeti hesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kuendelea.

Kila msomaji awe na mtu wa akiba anayesimama bega kwa bega naye, akiwa na karatasi yake. Sauti ikikatika, msomaji anyamaze, asijilazimishe. Mwenzake asubiri kidogo, kisha aanze tena ubeti huo tangu mstari wa kwanza, kwa sauti ya kawaida. Asiombe radhi kwa watu, maana hakuna aliyekosewa. Kama ni mtoto mdogo anayesoma ubeti wa tatu, mtu wa akiba amshike mkono tangu mwanzo.

Ubeti wa mwisho unasomwa na wote. Mjukuu mkubwa atamke mstari wa kwanza peke yake ili kuwapa mwendo, na wengine waingie kwenye wa pili. Neno la kuaga linarudiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili kwa upole. Baada ya hapo karatasi zikunjwe, na nakala moja ihifadhiwe pamoja na wasifu wa marehemu. Mwaka mmoja baadaye, kwenye siku ya kumkumbuka, kitukuu aliyekuwa mdogo mno kusoma anaweza kupewa ubeti wake.